Duka la Kwara Haliko kwa eCitizen

Wasee, siku hizi mtu akitaka kujua kampuni ni ya nani anaingia eCitizen, analipa, anapata ile karatasi tunaita CR12. Wakurugenzi ni nani, hisa ni za nani, kwisha. Shida inaanza ukiuliza juu ya duka lililokuwa hapa Homa Bay mwaka wa 1965, ama mgodi uliofungwa huko Macalder kabla wazazi wako hawajazaliwa. Unaandika jina na inakuambia hakuna kitu. Halafu kuna mtu anaamua kwamba kama haiko kwa mtandao, basi haikuwahi kuwako.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usidhani nimefundishwa haya darasani. Nimejifunza kwa kusoma magazeti ya zamani, kwa sababu hapa Rodi Kopany kuna familia ambazo bado zinagombania vitu vilivyouzwa miaka hamsini iliyopita, na kila mtu ana hadithi yake. Magazeti hayana hadithi tamu hivyo, lakini yana tarehe. Na tarehe ni kitu kigumu sana kubishana nacho.

Kwanza elewa kuna magazeti aina mbili. Kuna ya habari, kama East African Standard, Daily Nation iliyoanza mwaka wa 1960, na Baraza lililokuwa la Kiswahili. Halafu kuna Gazeti la Serikali, ambalo halina habari za mpira wala katuni. Ni kurasa na kurasa za matangazo ya kisheria, na limekuwa likitoka tangu 1899. Ukitaka historia ya biashara, anza na hili la pili. Sababu ni kwamba zamani sheria ilitaka mambo fulani ya biashara yatangazwe humo: kampuni ikifungwa, mtu akifilisika, biashara ikihamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, mtu akifa na familia ikienda kortini kuomba kusimamia mali yake. Faili ya msajili inaweza kupotea, kuliwa na panya ama kulowa, lakini tangazo lilichapishwa kwa nakala nyingi zikatawanywa nchi nzima.

Na huhitaji kwenda Nairobi kwa hii sehemu. Matoleo mengi ya zamani yamepigwa skani, yako Google Books na pia gazettes.africa, na hulipi kitu. Bando lako tu.

Sasa, jinsi ya kusaka. Watu wengi wanaandika "Migori" ama "Homa Bay County" halafu wanalia hakuna kitu. Manze, mwaka wa 1969 hakukuwa na kaunti ya Migori wala wilaya ya Migori. Huku kwote kulikuwa wilaya moja, South Nyanza, makao yake makuu Homa Bay. Rudi nyuma zaidi, miaka ya 1930, na inaitwa South Kavirondo. Kwa hivyo kabla hujasaka jina la mtu, jiulize wakati ule mahali hapo palikuwa panaitwaje. Mimi huanza na maneno kama haya:

```
"South Nyanza" "Transfer of Businesses"
"Homa Bay" "sold and transferred"
```

Zile alama za kufungia maneno ni muhimu, bila hizo utaletewa kila ukurasa ulio na neno Homa na neno Bay popote. Na ujue kompyuta iliyosoma hizo kurasa ilikuwa inasoma wino uliofifia. "Rodi" inaweza kusomwa "Rocli", "Bay" ikawa "Bav". Kwa hivyo ukikosa, usikate kauli kwamba halipo. Andika vibaya kwa makusudi, jaribu tahajia tatu nne, ama fungua toleo lenyewe upitie ukurasa kwa ukurasa kwa macho yako.

Kuna kahesabu kadogo kanakosaidia sana. Google wakati mwingine huweka mwaka usio sahihi kwenye toleo. Lakini kila toleo lina nambari ya juzuu juu ya ukurasa wa kwanza, kwa namba za Kirumi. Chukua mwaka, toa 1898, unapata juzuu. 1963 ni juzuu ya 65, yaani LXV. 1969 ni ya 71, yaani LXXI. Kama Google inasema 1969 na wewe unaona LXV, amini ukurasa, usiamini Google.

Kampuni kubwa ni rahisi kufuata kwa sababu ziliacha nyayo nyingi. Chukua mgodi wa Macalder kule Nyatike. Wazee huku husema "kampuni ya wazungu" na wanaachia hapo. Ukifuata karatasi unakuta jina kamili, Macalder-Nyanza Mines, na nyuma yake shirika la serikali ya Uingereza lililoitwa Colonial Development Corporation, lililoundwa 1948. Walichimba shaba hasa, pamoja na dhahabu, na mgodi ukafungwa 1966. Lakini hapa kuna mtego. Mwaka wa 1963 lile shirika lilibadilisha jina, Colonial ikawa Commonwealth. Herufi za kwanza zikabaki zile zile, CDC. Mtu anayesaka jina refu la zamani kwenye magazeti ya 1966 anaweza kudhani mwenye mgodi alitoweka, kumbe ni yule yule amevaa koti lingine. Jina likikatika ghafla kwa karatasi, kabla ya kusema kampuni ilikufa, angalia kama ilibadilisha jina.

Hata gazeti lenyewe ni kampuni iliyobadilika. Lile tunaloita The Standard lilianzishwa na Jeevanjee pale Mombasa likiitwa African Standard, akaliuza 1905, likawa East African Standard, likahamia Nairobi. Ukisaka kwa jina la leo tu, umejifungia nje ya miaka mingi.

Lakini si wengi wetu tuna babu aliyemiliki mgodi. Wengi tuna babu aliyekuwa na duka. Na duka halikuwa kampuni. Halikuwa na neno "Limited" nyuma, lilikuwa jina la biashara tu, ama watu wawili watatu wameungana. Kwa hivyo hata ungepewa ufunguo wa sajili yote ya makampuni, duka hilo halimo. Linaonekana lini? Linaonekana siku lilipouzwa.

Hii inatokana na sheria ya uhamishaji wa biashara, Sura ya 500, ambayo mizizi yake ni enzi ya mkoloni. Ililetwa kwa sababu ya wajanja. Mtu anachukua mali kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla, halafu anamwachia ndugu yake duka, na aliyemkopesha akija anaambiwa "mwenye deni alienda". Sheria ikasema: ukihamisha biashara, tangaza kwanza, ili wanaokudai wajitokeze. Usipotangaza, aliyenunua anabebeshwa madeni ya aliyeuza. Kwa hivyo mnunuzi mwerevu alihakikisha tangazo limetoka. Ndio maana leo tuna rekodi. Hakuna aliyekuwa anatunza historia, watu walikuwa wanakwepa madeni.

Halafu ikaja Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967. Mtu asiye raia hakuruhusiwa tena kufanya biashara nje ya sehemu maalum za miji mikubwa bila kibali. Wahindi wengi wenye maduka kwenye vituo vidogo, ambao hawakuwa wamechukua uraia, walilazimika kuuza. Ukifungua matoleo ya kuanzia 1968 na kuendelea, matangazo ya kuhamisha maduka ni mengi. Kila moja ni aya moja fupi.

Sasa niwape kesi yenyewe. Kuna familia moja hapa karibu na Rodi, majina nitayaacha. Dani, yaani nyanya wa hiyo boma, anasema marehemu mume wake alinunua duka kutoka kwa Muhindi. Familia nyingine, ambayo sasa inakaa kwenye hilo jengo, inasema ni baba yao aliyenunua, na mume wa Dani alikuwa ameajiriwa tu kuuza. Hii maneno imeenda kwa chifu mara kadhaa. Mjukuu wa Dani ni rafiki yangu, akaniambia, "Wewe si hukaa ukisoma magazeti ya wafu, hebu tusaidie."

Dani hakukumbuka mwaka. Lakini alikumbuka kwamba Tom Mboya aliuawa duka likiwa bado la Muhindi, na mtoto wake wa tatu alizaliwa duka likiwa lao. Mboya aliuawa Julai 1969, hiyo kila mtu huku anajua. Mtoto wa tatu ana cheti cha kuzaliwa cha 1971. Kwa hivyo tulikuwa na miaka miwili tu ya kusaka, juzuu ya 71 hadi 73. Hii ndiyo namna ya kuuliza wazee. Usimuulize "ilikuwa mwaka gani". Muulize nini kilikuwa kinaendelea.

Jina la mume wa Dani halikuleta kitu. Tukasaka kwa sanduku la posta. Familia ilikuwa bado na barua ya zamani yenye anwani, S.L.P. ya Homa Bay yenye tarakimu mbili. Majina ya watu yaliandikwa ovyo na makarani, Ochieng akawa Ocheng, Okoth akawa Okoti, lakini sanduku la posta ni namba tu. Na tangazo likatokea.

Nilisoma mara tatu. Lilisema biashara ya maduka ya rejareja iliyokuwa ikiendeshwa na ndugu wawili, kwenye ploti namba fulani, imeuzwa na kuhamishwa kuanzia tarehe fulani. Halafu likataja wanunuzi, na walikuwa wawili: mume wa Dani, jina likiwa limeandikwa vibaya, na baba wa ile familia nyingine. Wataendelea na biashara mahali pale pale wakiwa washirika. Madeni yote hadi siku ya kuhamisha yatalipwa na wauzaji, na wanunuzi hawachukui deni lolote la nyuma.

Kumbe kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli. Hakuna aliyeajiriwa na hakuna aliyenunua peke yake.

Rafiki yangu alitaka kukimbia kwa chifu na simu mkononi siku hiyo hiyo. Nikamwambia tulia, kwa sababu tangazo kama hilo lina mipaka yake, na ukiibeba bila kujua mipaka utaaibishwa na wakili wa kwanza utakayekutana naye.

Mpaka wa kwanza: tangazo linasema kilichotangazwa. Mara nyingi lilitolewa kabla ya siku yenyewe ya kuhamisha, na watu wangeweza kubadilisha nia wiki iliyofuata. Unahitaji alama ya pili, baada ya hiyo tarehe, inayoonyesha wanunuzi walikuwa ndani kweli.

Hapo ndipo magazeti ya habari yanaingia. Safari ya Nairobi nilichanganya na kazi nyingine ya video. Jengo la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue wana magazeti ya zamani, na maktaba ya McMillan, ambayo ilifunguliwa 1931, nayo pia. Huwezi kusoma mwaka mzima, macho yatakufa. Ukishapata tarehe kwa Gazeti la Serikali, soma wiki chache kabla na miezi michache baada yake, na usisome habari. Soma matangazo. Makampuni ya sabuni, baiskeli, majani chai na mitambo ya kusaga yalipenda kuorodhesha mawakala wao mji kwa mji. Mimi nilikuta duka letu kwenye orodha moja ya namna hiyo, miezi kadhaa baada ya tarehe ya kuuzwa. Na jina lilikuwa bado la wale ndugu Wahindi.

Mtu mwingine angesema basi, hawakuuza. Lakini jina la duka lilikuwa mali pia. Wateja walilijua, wauzaji wa jumla walilijua, na kuchora bango upya ni pesa. Kwa hivyo wanunuzi wengi waliacha jina la zamani juu ya mlango. Kilichonisaidia ni kwamba kwenye ile orodha, anwani haikuwa tena sanduku la Wahindi. Ilikuwa lile sanduku la tarakimu mbili. Jina la zamani, anwani mpya. Hiyo ndiyo alama ya pili tuliyokuwa tunatafuta. Bado si ushahidi wa mwisho, kwa sababu siku hizo sanduku moja lingeweza kutumiwa na duka, kanisa na nusu ya kijiji. Lakini ukiweka tangazo, anwani na kumbukumbu ya Dani pamoja, zote zinaelekea upande mmoja.

Mpaka wa pili ndio mkubwa zaidi, na ndio watu hawapendi kusikia. Biashara si ploti. Tangazo la kuhamisha duka linahamisha bidhaa kwenye rafu, wateja, jina na kazi yenyewe. Haliwezi kuhamisha ardhi. Ploti za vituo vya soko zilikuwa chini ya baraza la wilaya, na aliyelipa kodi ya ploti aliandikwa kwenye faili nyingine kabisa, ambayo leo unaitafuta kwa ofisi ya ardhi ya kaunti. Kwa hivyo tangazo letu linathibitisha kwamba wazee wawili walikuwa washirika wa duka. Halithibitishi nani ana haki ya jengo leo. Lakini limetupa namba ya ploti, na sasa mtu anaweza kwenda kaunteri akaulizia faili kwa namba badala ya kusema "lile jengo karibu na posho mill".

Mpaka wa tatu: ukikosa tangazo, haimaanishi duka halikuuzwa. Wengi hawakutangaza. Gharama yake ilikuwa kubeba madeni tu, na kama muuzaji alikuwa jirani unayemwamini, ungesema ya nini kulipia. Na maduka ya Waafrika wenyewe ya miaka ya 1940 na 1950, yaliyoendeshwa kwa leseni ya mkuu wa wilaya, yanaonekana mara chache sana humo. Hapo utahitaji barua za ofisi ya wilaya, ambazo ziko kwa nyaraka, lakini hiyo ni kazi nyingine.

Tukarudi kwa Gazeti la Serikali mara ya pili, safari hii kutafuta vifo. Mtu akifa na familia ikaenda kortini kuhusu mirathi, jina lake hutangazwa na watu hupewa siku za kupinga. Mume wa Dani hatukumpata, na hiyo inaeleweka kwa sababu hakuna aliyewahi kwenda kortini. Yule mzee mwingine tulimpata, miaka ya 1980, akiwa ametajwa na mwanawe mkubwa kama msimamizi wa mali. Na hapo ndipo unaelewa jinsi nusu moja ya ushirika ilivyopata karatasi na nusu nyingine ikabaki na kumbukumbu. Huenda hakuna aliyeiba. Upande mmoja ulienda kortini na mwingine haukuenda, na miaka thelathini baadaye inaonekana kama mmoja pekee ndiye aliyekuwako.

Nilimsomea Dani lile tangazo kwa Dholuo, pole pole. Hakusherehekea. Aliuliza tu, "Na yule mwingine pia ameandikwa?" Nikamwambia ndiyo, Dani, wote wawili. Akasema basi wapeleke wote wawili, usikate jina la mtu.

Kwa hivyo ndivyo tulivyofanya. Familia zote mbili zina nakala ya ukurasa mzima, si kipande kilichokatwa. Pamoja nayo kuna juzuu, tarehe, namba ya tangazo na namba ya ukurasa. Wewe pia ukipata kitu, hifadhi hivyo hivyo: ukurasa mzima pamoja na hizo namba nne, ili hata anayekupinga aweze kufungua toleo lile lile ajisomee. Faili ya ploti bado wanaisubiri kaunti. Lakini mkutano wa mwisho kwa chifu hakuna aliyesema mwenzake alikuwa mfanyakazi. Waliongea juu ya kugawana kodi ya nyumba.